Kitenzi Kimoja Kinavyoweza Kuiharibu Memo ya Uchambuzi

Memo ya uchambuzi ni andiko ambamo mtafiti hutafuta maana ya aliyoyaona uwandani. Memo dhaifu, kwa maoni yangu, mara chache husababishwa na uchache wa nadharia. Mara nyingi chanzo chake ni kitenzi kilichoandikwa uwandani kikatoa hukumu kabla mtafiti hajaeleza alichokiona.

Nilijifunza hili nilipokuwa nikichunguza, kwa ruhusa ya wahusika, dirisha la mapokezi la kituo kimoja cha afya. Asubuhi ya kwanza niliandika kwenye kijitabu changu: «Mpokezi alimdharau mgonjwa wa tatu.» Jioni, nilipokaa kuvipanua vidokezo vile viwe maandishi kamili, nilijilazimisha kukumbuka ni nini hasa kilichonifanya nilichague neno hilo. Mgonjwa alifika dirishani akasalimu. Mpokezi, bila kuinua macho, alinyoosha mkono akapokea kadi, akasema, «Kaa pale, utaitwa,» huku akiendelea kuandika. Mgonjwa alisimama kidogo, akatazama nyuma, kisha akaenda kukaa. Katika maelezo hayo dharau haionekani popote. Huenda ilikuwepo, lakini ilikuwa hitimisho langu, kwa hiyo nililihamishia ndani ya mabano ya mraba, mahali ninapoweka maoni yangu ili yasichanganyike na matukio.

Saa mbili za kutazama zilinichukua karibu saa tano za kuandika, na sioni njia ya mkato. Huandika siku ileile, kabla ya kulala na kabla ya kumsimulia mtu yeyote, kwa sababu tukio likishasimuliwa mara moja hupata mpangilio wa hadithi, na baadaye mtu huikumbuka hadithi badala ya tukio. Alama za kunukuu naziweka kwa maneno niliyoyasikia neno kwa neno tu. Yale ninayokumbuka maana yake peke yake nayaandika bila alama.

Mwaka 1967 wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss walishauri kwamba wazo linapomjia mtafiti akiwa katika kuweka misimbo, yaani kuvipa vifungu vya maandishi majina ya mada, asimamishe kazi hiyo aandike memo. Nakubaliana nao kwa moyo wote, ila ningeongeza kwamba memo itaje tarehe na vifungu vya maandishi inavyovitegemea, ili mwandishi aweze kurudi kuikagua. Baada ya siku tatu uwandani, memo yangu ya kwanza ilidai kwamba kutotazamwa usoni ndiyo namna ya kudharauliwa mahali pale. Nikarudi kwenye maandishi. Nilikuwa nimeeleza macho ya mpokezi katika matukio 14, na katika 11 kati ya hayo hakuyainua. Yale matatu yaliyobaki yote yalihusu watu waliorudi dirishani kwa mara ya pili, wakiwa na majibu ya maabara au wakiwa wametumwa na daktari. Aidha, miongoni mwa wale 11 alikuwemo mtu ambaye baadaye mpokezi alimfuata hadi mlangoni, wakaagana kwa kicheko kama watu wanaofahamiana vizuri. Kama kutotazama kulikuwa dharau, yeye angewekwa wapi?

Hapo memo ya pili ilichukua mwelekeo mwingine. Niliandika kwamba kumtazama mtu hufungua mazungumzo, na kwamba foleni inapokuwepo mpokezi huyafungua kwa yule tu ambaye shauri lake haliwezi kumalizwa kwa kupokea kadi. Dai la namna hii lina faida moja kubwa: linaweza kukosea. Kama ni la kweli, basi wakati ambapo foleni haipo hata anayefika kwa mara ya kwanza angetazamwa. Kwa hiyo nilirudi alasiri, na kati ya wageni watano wa dirishani wanne walitazamwa. Wa tano alifika mpokezi akiwa kwenye simu. Kama ningeacha neno «alimdharau» libaki peke yake, nisingekuwa na macho, mikono wala kadi za kulinganisha, kwa kuwa hukumu ingekuwa imekwisha kutolewa asubuhi ya kwanza.

Wapo wanaosema kwamba maelezo yasiyo na tafsiri hayawezekani, nao wana haki kwa kiasi fulani, maana kuamua kuandika kuhusu macho badala ya sauti tayari ni kuchagua. Hata hivyo uchaguzi ulioandikwa waziwazi unaweza kuhojiwa, na hukumu iliyofichwa ndani ya kitenzi haihojiki.

Matukio 14 na mengine matano ni machache, na kiti changu kilikuwa pembeni, mahali ambapo sikuweza kuona kilichokuwa juu ya meza ya mpokezi. Inawezekana palikuwa na rejista aliyotakiwa kuijaza kwa kila aliyefika, na kwamba ni hiyo iliyoshika macho yake wakati wa foleni. Memo ya pili nimeifunga kwa ombi la kukaa upande wa ndani wa dirisha.