Dawa ya presha na nywele zinazonyonyoka: kubadili au kungoja?

"Mfamasia, habari za kazi. Nina miaka 46. Natumia atenololi miligramu 50 tangu katikati ya Januari. Mwishoni mwa Machi nywele zikaanza kutoka, nikichana zinajaa kwenye chanuo, na sasa ni Mei bado zinatoka. Daktari aliniambia niendelee tu na dawa, nywele zitaota. Jirani yangu anasema niache dawa mara moja. Mdogo wangu anatumia sertralini, dawa ya sonona, na yeye analalamika hivyo hivyo. Nimsikilize nani? Nilitaka kusahau: Desemba nililazwa siku nne kwa malaria, na hedhi yangu siku hizi ni nzito."

Dada yangu, nianze na lisiloweza kusubiri: usiiache atenololi kwa uamuzi wako. Dawa hii huuzuia moyo usisikie kelele za adrenalini. Moyo ukishazoea ukimya huo, huongeza masikio yake. Ukiikata ghafla, adrenalini ile ile inapigia masikio mengi zaidi. Mapigo yanakimbia, presha inapanda, na kwa mtu mwenye mishipa ya moyo iliyoanza kuziba bila yeye kujua, hapo ndipo shambulio la moyo hutokea. Anayetakiwa kuiacha hupunguziwa dozi hatua kwa hatua, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili, huku presha ikipimwa. Kwa hiyo ushauri wa jirani tuuweke kando, ingawa shaka yake ina msingi. Atenololi na ndugu zake kama propranololi wanajulikana kunyonyoa nywele za baadhi ya watumiaji. Si wengi, lakini wapo.

Kila unywele una kalenda yake. Hukua kwa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika kama miezi mitatu, halafu huanguka na mwingine kuota mahali pake. Kwa kuwa kila mmoja una tarehe yake, wakati wowote karibu tisa kati ya kumi zinakua, na zinazoanguka kwa siku ni 50 hadi 100 kati ya takriban laki moja. Dawa za aina hii haziui shina. Huzipeleka nywele nyingi kwenye mapumziko kwa wakati mmoja, na kwa sababu mapumziko ni miezi mitatu, unaanza kuziona mkononi miezi miwili hadi minne baada ya dawa kuanza. Ndiyo maana mtu huyatuhumu mafuta aliyonunua wiki iliyopita, wakati chanzo kiko nyuma kabisa.

Sasa chukua kalenda yako. Katikati ya Januari hadi mwisho wa Machi ni wiki kumi hivi, kwa hiyo atenololi inaingia kwenye dirisha la tuhuma. Lakini homa kali nayo hufanya kitu kile kile, na malaria ya Desemba inaingia kwenye dirisha hilo hilo. Hedhi nzito ni mtuhumiwa wa tatu, maana humaliza akiba ya madini ya chuma taratibu, wakati mwingine kabla damu yenyewe haijaonekana pungufu. Watuhumiwa watatu, tarehe zinazopishana kidogo tu, na hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi ya kichwa kinachoweza kusema "ni dawa hii." Hata kipande cha ngozi kikikatwa na kupelekwa maabara, kitaonyesha nywele nyingi zimepumzika. Hakitaonyesha nani alizipumzisha.

Kuna la kuangalia nyumbani kabla ya kwenda kliniki. Okota nywele zilizoanguka uziangalie mwishoni. Zenye kidoti cheupe upande mmoja zimetoka kwenye shina baada ya mapumziko, na hilo linaendana na dawa, homa au upungufu wa chuma. Zisizo na kidoti zimekatika katikati, na hapo tatizo ni dawa ya kulainisha nywele, moto au msuko. Angalia pia zinapotoka. Dawa hupunguza kichwa kizima bila kuacha upara wa mahali pamoja. Zikipungua pembezoni mwa uso, mara nyingi ni mvuto wa rasta. Ngozi ya utosini ikiwa laini inayong'aa, inawasha au inauma, usingoje chochote, tafuta daktari wa ngozi mapema, kwa sababu huko mashina huweza kufa yasirudi tena.

Na kama umekuwa ukisuka, hesabu kwanza. Msuko wa wiki sita hushikilia nywele za siku 42. Kwa 50 tu kwa siku, siku ya kufumua utakuta zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Lundo hilo hutisha, nami nimewaona akina mama wakiliweka kwenye mfuko na kuniletea dukani huku wakilia, kumbe ni hesabu ya kawaida iliyokuwa imefungwa.

Daktari wako hakukosea kukwambia uendelee. Presha isiyotibiwa huharibu ubongo, moyo na figo bila kukupa dalili, ilhali nywele za aina hii huota tena. Tena kama mkosaji ni malaria, kunyonyoka kutapungua kwenyewe ndani ya miezi sita hivi, na ukibadilisha dawa Mei utaishia kuilaumu atenololi maisha yako yote bila kosa. Kila ubadilishaji pia una gharama yake: wiki kadhaa za presha isiyotulia, na dawa mpya yenye maudhi yake.

Ila aliposema "zitaota" aliacha jambo kubwa nje. Homa hupita, vidonge vinaendelea kumezwa kila asubuhi. Kama mkosaji ni dawa, nywele zinaweza kuendelea kupukutika muda wote unaoitumia, na uoto unaoahidiwa kwa kawaida huja baada ya dawa kuondolewa. Kuna na hili ninaloliona kazini: mgonjwa anayeambiwa nywele si kitu haendelei na dawa. Anaendelea kuichukua, anaiweka kabatini, na kliniki anasema anameza. Daktari akiona presha haishuki, anaongeza dozi ya dawa isiyomezwa. Kwa hiyo kulizungumzia suala la nywele kwa uzito ni sehemu ya kutibu presha yenyewe.

Mimi naegemea upande wa kubadilisha, kwa sharti moja, na hilo ndilo swali lako la kwanza kwa daktari: "Atenololi nilipewa kwa ajili ya presha peke yake, au kuna kitu kwenye moyo?" Kama uliwahi kupata shambulio la moyo, maumivu ya kifua ya moyo au mapigo yasiyo na mpangilio, dawa hii au ndugu yake inaweza kuwa ndiyo inayokulinda, na hapo nywele zitasubiri. Lakini kama ni presha tu, haina sababu ya kung'ang'aniwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja makundi matatu ya kuanzia: dawa za kukojoa za jamii ya thiazaidi, amlodipini na wenzake, na kundi la enalaprili na losatani. Jamii ya atenololi haimo. Amlodipini hupatikana vituo vingi na si ghali, na malalamiko ya nywele kwake ni machache, ingawa huweza kuvimbisha miguu. Enalaprili isiwe chaguo la haraka kwako, kwani nayo imetajwa kunyonyoa nywele, huleta kikohozi kikavu, na haifai kama bado kuna uwezekano wa kushika mimba. Losatani nayo isitumike kwenye mimba.

Kabla ya kubadilisha, omba vipimo viwili vitatu vinavyoweza kuwaondoa watuhumiwa wengine: wingi wa damu, feritini ambayo ndiyo akiba ya chuma, na homoni za tezi ya shingoni. Kama unameza vidonge vya nywele vyenye bayotini, mwambie daktari na uviache siku chache kabla ya kutoa damu, kwa sababu bayotini huweza kuyapotosha majibu ya tezi. Mpelekee pia kila unachomeza, pamoja na chai za kupunguza mwili na virutubisho, maana hata vitamini A ikizidi hunyonyoa nywele. Na usianze kupaka minoksidili kwa sasa. Ilianza kama kidonge cha presha, ikaonekana inaotesha nywele, lakini wiki za mwanzo huweza kuzidisha kunyonyoka, na itatuvurugia kalenda tunayoisoma.

Akikubali kubadilisha, muulize atenololi ipunguzwe vipi, dawa mpya ianze siku gani, na presha upime baada ya siku ngapi. Akitaka mngoje, usiondoke bila tarehe. Mimi ningependekeza mwisho wa Julai, kwa sababu kufikia hapo malaria itakuwa imetimiza miezi saba na muda wake wa kutuhumiwa umekwisha. Siku hiyo shika nywele 50 hadi 60 karibu na ngozi, zivute taratibu hadi nchani, sehemu tatu nne za kichwa. Zikiwa zinatoka zaidi ya sita kila mara, na chuma na tezi viko sawa, atenololi imebaki peke yake kizimbani.

Kwa mdogo wako nitakuwa mwoga zaidi wa kubadilisha. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na anayepata inayomfaa mara nyingi amepitia isiyomfaa. Sertralini imetajwa kunyonyoa nywele za baadhi ya watu, na kwa dawa hizi muda wa kuanza hutofautiana sana, kwa wengine huja baada ya miezi mingi. Lakini sonona yenyewe humkondesha mtu, na kukonda haraka hunyonyoa nywele pia. Hujaniambia alianza lini, wala kama alipungua uzito kabla. Muulize hayo kwa upole, kisha umuulize swali ambalo mimi ningeanza nalo: je, tangu aanze dawa analala, anakula, anaweza kwenda kazini?

Kama jibu ni ndiyo, vipimo vile vile vya damu vitangulie, na mazungumzo ya kubadilisha yafanywe na aliyemwandikia, kwa kupunguza kwa wiki au miezi. Sertralini ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, usingizi wa kukatika na hisia kama shoti ya umeme kichwani, na wengi hudhani ugonjwa umerudi. Kama jibu ni hapana, basi nywele na sonona zote zinadai dawa nyingine, na hiyo ni sababu nzuri ya kurudi kliniki wiki hii. Daktari akitaja bupropioni, amwambie kuhusu nywele kabla ya kukubali, kwa sababu utafiti uliolinganisha dawa za sonona uliikuta ndiyo yenye malalamiko mengi zaidi ya nywele.