Kodi ya malimbikizo ya mshahara: mwaka wa kazi au mwaka wa malipo?

“Malimbikizo ni fedha kama fedha nyingine. Ukipokea leo, lipa kodi leo.”

Ndivyo husemwa mfanyakazi anapolipwa kwa mkupuo mshahara uliocheleweshwa, na hoja hii ina mizizi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu mapato ya ajira pale mtu anapolipwa, si pale anapofanya kazi. Kanuni hiyo ina wema wake: mfanyakazi asiyelipwa mwaka 2023 hakudaiwa kodi ya mshahara ambao hakuuona. Nayo inamrahisishia mwajiri, kwa kuwa hafungui hesabu za miaka iliyokwisha fungwa wala hatafuti viwango vya kodi vya wakati ule.

Kama kodi ingekuwa asilimia moja kwa wote, ningeishia hapo, maana kulipwa jana au leo kusingebadili kitu. Lakini kodi yetu inapanda kwa ngazi. Kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi 1,000,000 ni 25, na zaidi ya hapo ni 30.

Tuchukue mwalimu aliyepandishwa daraja Januari 2023, lakini mshahara mpya ukaanza kuingia Januari 2025. Tarakimu nimezirahisisha, na ni za baada ya mchango wa pensheni. Alikuwa akipata 520,000 na alistahili 760,000. Kila mwezi amepunjwa 240,000, kwa miezi 24, jumla 5,760,000. Mwaka 2025 analipwa zote kwa mkupuo.

Angelipwa kwa wakati, kila 240,000 ingeangukia ngazi ya asilimia 20, yaani kodi ya 48,000 kwa mwezi, au 1,152,000 kwa miezi yote. Sasa ofisi ya mishahara ikiingiza mkupuo wote kwenye mwezi mmoja, 240,000 za kwanza zinatozwa asilimia 25 na zilizobaki zote asilimia 30. Makato ya malimbikizo peke yake yanafika 1,716,000. Mwalimu huyu hajawahi kuwa na mshahara wa milioni moja, ila anatozwa kama mwenye mshahara wa milioni sita na nusu.

Tofauti ni 564,000, na ina vipande viwili ambavyo watu huvichanganya. Ukihesabu kwa mwaka mzima wa 2025 badala ya mwezi mmoja, kodi ya malimbikizo inashuka hadi 1,584,000. Kwa hiyo 132,000 ni matokeo ya kubana mwaka ndani ya mwezi. Zile 432,000 zilizobaki zinatokana na kubana miaka miwili ndani ya mmoja. Kwangu kipande hiki ndicho kinachouma, kwa sababu aliyechelewesha malipo ni mwajiri, na mwajiri huyo akiwa Serikali, ucheleweshaji wake unaiongezea kodi.

Atakayesema haiwezekani kuyarudisha mapato kwenye mwaka wa kazi, jirani anamkanusha. Sheria ya Kenya inasema malipo ya kazi ya mwaka mwingine yahesabiwe kuwa mapato ya mwaka huo mwingine, kwa ukomo wa takriban miaka mitano. India kwa miongo mingi imetumia njia tofauti: malimbikizo hubaki kwenye mwaka wa kupokelewa, kisha hupigwa hesabu ya pili kana kwamba yalilipwa kwa wakati, na mlipakodi hupunguziwa tofauti iliyozidi.

Ningechagua ya India, kwa sababu kurudi nyuma si neema kila mara. Kabla ya Julai 2020, asilimia 30 yetu ilianza kwenye 720,000, si 1,000,000. Anayedai malimbikizo ya 2019 anaweza kukuta mwaka wa zamani ni mkali kuliko wa sasa. Hesabu mbili zinamkinga, maana kama kurudi nyuma hakumpunguzii, basi hakuna kinachobadilika.

Hoja ile kwamba ni kazi kufungua hesabu za miaka iliyopita nayo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Malimbikizo ya mtumishi wa umma hayalipwi bila uhakiki, na uhakiki hutaka kujua alistahili kiasi gani, alilipwa kiasi gani na kuanzia lini. Orodha hiyo hiyo inatosha kwa hesabu ya kodi. Kwa kampuni binafsi iliyobadili mfumo wa mishahara mara mbili, nakubali, kazi ni ngumu zaidi, na hapo ukomo wa miaka kama wa Kenya una maana.

Kwa sasa, mwalimu wetu atazame karatasi yake ya mshahara ya mwezi wa malipo. Makato yakiwa karibu asilimia 30 ya malimbikizo yote, mkupuo umehesabiwa kwa mwezi mmoja, na anaweza kuomba hesabu ya mwaka mzima. Hiyo inahusu zile 132,000. Zile 432,000 haziko mikononi mwa mhasibu, ziko Bungeni.