DNS ya ofisini: ni majina mangapi yanahitaji majibu mawili?

Katika ofisi yenye seva yake ya barua pepe, mjadala wa kugawa DNS, yaani jina moja kupewa jibu tofauti ndani na nje, huanza na malalamiko ya aina moja: barua zinafunguka nyumbani, ila ofisini, hatua chache kutoka ilipo seva, hazifunguki.

Tuchukue mfano. Jina `barua.kampuni.example` huku nje linaonyesha 203.0.113.10, ambayo ni anwani ya ruta. Ruta huyapeleka maombi kwa seva iliyo ndani, 10.20.0.15. Mfanyakazi mwenye 10.20.0.31 akiuliza jina hilo na kupewa anwani ya nje, ombi lake linafika kwa ruta, linageuziwa mwelekeo, linafika kwa seva. Seva inaona muulizaji yuko kwenye mtandao uleule, hivyo inamjibu moja kwa moja bila kupitia ruta. Kompyuta yake, iliyokuwa ikisubiri jibu kutoka 203.0.113.10, inapokea jibu kutoka 10.20.0.15 na kulitupa.

Wapo wanaosema tatizo hilo ni la ruta, limalizwe kwenye ruta: ibadilishe pia anwani ya anayeomba, ili jibu lirudi kwa ruta kwanza. Inafanya kazi, na DNS inabaki moja. Lakini kumbukumbu za seva zitaonyesha wafanyakazi wote wakiingia kwa anwani moja ya ruta. Siku mtu anajaribu nywila za wenzake, hutajua ni kompyuta ipi. Kwa seva ya barua pepe, hasara hiyo naiona ni kubwa mno, ndiyo maana nauunga mkono mgawanyo. Walio ndani wapewe 10.20.0.15, walio nje 203.0.113.10, na simu ya mfanyakazi itumie jina lilelile popote alipo.

Ninapotofautiana na wengi ni namna ya kuugawa. Njia iliyozoeleka kwenye BIND, programu ya seva ya DNS, ni kutumia `view`: faili moja la kanda nzima, yaani rekodi zote za `kampuni.example`, kwa ajili ya ndani, jingine kwa ajili ya nje. Tangu siku hiyo kila rekodi inaandikwa mara mbili. Kitengo cha mawasiliano kikifungua ukurasa wa `ajira.kampuni.example` kwa mtoa huduma wa nje, rekodi inaongezwa kwenye faili la nje tu. Waombaji kazi wanaufungua vizuri. Ofisini linarudi jibu la NXDOMAIN, yaani jina halipo, kwa sababu seva ya ndani inajihesabu kuwa ndiyo yenye mamlaka juu ya kanda hiyo na haiulizi nje. Kosa hili hutambulika kwa kuuliza pande zote mbili, DNS ya ofisi iliyo 10.20.0.2 na ya nje, 9.9.9.9:

```
dig @10.20.0.2 ajira.kampuni.example
dig @9.9.9.9 ajira.kampuni.example
```

Kwa ofisi ya kawaida, yatosha kubadilisha jibu la jina linalohitaji tu. Kwenye Unbound, programu nyingine ya DNS, ni mstari mmoja:

```
server:
  local-data: "barua.kampuni.example. 300 IN A 10.20.0.15"
```

Majina mengine yote ya kampuni yanaendelea kutafutwa nje kama kawaida, kwa hiyo ukurasa wa ajira hauwezi kupotea. Hizo sekunde 300 zina kazi yake: kompyuta mpakato ikitoka ofisini, haibaki na anwani ya ndani kwa saa nzima. Mashine za ndani tu, kama seva ya mafaili, hazihitaji majibu mawili. Zipewe majina chini ya `ndani.kampuni.example`, ambayo nje hayapo kabisa.

Hata hivyo mgawanyo wowote unategemea kila kifaa kuiuliza DNS ya ofisi, na hapo ndipo huvunjika mara nyingi. Wasimamizi wengi huweka kwenye DHCP 10.20.0.2 kama DNS ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili, wakidhani ya pili ni akiba. Hakuna kinachokilazimisha kifaa kufuata mpangilio huo. Kikiihamia ya pili kwa sababu yoyote, kinapata anwani ya nje, na barua zinagoma kwa baadhi ya watu, kwa muda, kisha zinarudi zenyewe. Akiba iwe seva ya pili ya ndani yenye mstari uleule. Kivinjari kilichowekewa DNS yake iliyosimbwa nacho huipita ya ofisi. Dalili yake ni `dig` kutoa 10.20.0.15 huku ukurasa ukigoma kufunguka.

Walio upande wa `view` wana hoja nzito mahali pamoja: ofisi yenye majina mengi ya pande mbili, na rekodi zinazozalishwa na programu kutoka orodha moja, haitegemei tena kumbukumbu ya mtu. Ila kama kanda imesainiwa kwa DNSSEC, yaani majibu yake yana sahihi za kuthibitisha kuwa ni halisi, nakala ya ndani nayo isainiwe kwa funguo zinazotambuliwa na rekodi za DS zilizo kwenye kanda mama. Isiposainiwa, kifaa kinachohakiki sahihi chenyewe kitalikataa jibu la ndani, na mtumiaji ataona SERVFAIL ingawa anwani ni sahihi. Ule mstari mmoja wa Unbound nao haukwepi hilo, kwa kuwa jibu lake halina sahihi.