Wanabonyeza, Hawakai: Kosa la Kichwa au la Video?

"Video yangu inafunguliwa sana lakini watu hawakai hata dakika mbili. Ninaboa?"

Rafiki yangu anayefuga samaki kwenye vizimba upande wa Dunga, Kisumu, alipouliza hivyo alikuwa tayari anatafuta kamera mpya. Wengi wangemuunga mkono: mtazamaji akitoka, video ni mbovu. Mimi naona video imeonewa.

Kichwa kilisema "Laki tatu kutoka ziwani kwa miezi minane". Ndani kulikuwa na dakika 9 na sekunde 20 za kushona nyavu na kuunganisha fremu ya kizimba. Kila YouTube ilipoonyesha picha ya jalada mara 100, ilibonyezwa mara 11, ilhali video zake nyingine hupata 5 au 6. Wastani wa kutazamwa ulikuwa dakika 1 na sekunde 55. Kwingine hukaribia dakika 4.

Wastani humchanganya aliyekaa na aliyekimbia, kwa hiyo tulifungua mchoro wa Audience retention kwenye YouTube Studio, unaoonyesha wangapi bado wanatazama kila sekunde. Kufikia sekunde ya 30 walikuwa wamebaki 24 kwa kila 100. Kutoka hapo mstari ulishuka polepole hadi 14 mwishoni. Video inayoboa haichori hivyo. Mteremko wake hujikokota, watu wakichoka mmoja mmoja. Hapa robo tatu waliondoka kabla fundo la kwanza halijafungwa. Kazi yake haikuwachosha, hawakuiona kabisa! Walifuata hesabu ya pesa wakakuta nyavu. Waliotaka nyavu walitulia.

Wanaoilaumu video wana hoja zao, na mojawapo ni nzito. Aliwatumia watu kiungo kwenye makundi ya WhatsApp. Wanaoingia kwa njia hiyo hawahesabiwi katika Impressions click-through rate, yaani ile mibonyezo 11 kwa 100, lakini muda wao unaingia kwenye wastani, hivyo wanaweza kuuharibu bila kichwa kuwa na hatia. Tulitenganisha kwa Traffic source, yaani njia aliyoingilia mtazamaji, tukabaki na Browse features peke yake, wale waliokutana na video wakivinjari ndani ya YouTube. Wastani ulisogea sekunde chache tu.

Basi akabadilisha kichwa: "Jinsi ya kuunganisha kizimba cha samaki". Mibonyezo ikashuka hadi 6 kwa 100, naye roho ikamruka. Lakini piga hesabu ya picha kuonyeshwa mara 10,000. Zamani ni watazamaji 1,100 kwa sekunde 115, kama saa 35. Sasa ni 600 tu, lakini wanakaa dakika 4 na sekunde 10, yaani zaidi ya saa 41. Na tangu 2012 YouTube hupendekeza video kwa kuutazama zaidi muda watu wanaokaa kuliko mibonyezo.

Kamera hajanunua. Video ya laki tatu ataipiga kivyake, daftari la chakula na mauzo likiwa mbele ya lenzi tangu sekunde ya kwanza.