Ndege haondoki kwa sababu chakula kimeisha

Nadharia ya thamani ya nyongeza, aliyoichapisha mwanaikolojia Eric Charnov mwaka 1976, mara nyingi hufupishwa hivi: chakula kikipungua, mnyama anahama. Kwa maoni yangu ufupisho huo unaiua nadharia yenyewe, maana unaisahau safari.

Tumchukue kwenzi anayechokoa mabuu nyasini. Kila kiraka cha nyasi kina mabuu 20, na kutoka kiraka kimoja hadi kingine anaruka dakika 9. Mwanzoni anayapata upesi, kisha yaliyobaki yanazidi kuwa adimu. Tuseme baada ya dakika t huwa amepata:

```
g(t) = 20t / (t + 4)
```

Akiondoka baada ya dakika 3, amekula mabuu kama 8.6. Pamoja na safari ametumia dakika 12, yaani mabuu 0.71 kwa dakika. Aking'ang'ania hadi dakika ya 12, amekula 15 kwa jumla ya dakika 21, na wastani ni 0.71 uleule. Mwenye haraka na king'ang'anizi wametoka sare! Anayewashinda wote ni wa dakika 6: mabuu 12 kwa dakika 15, yaani 0.8.

Sasa pima kasi yake ya kupata mabuu wakati huohuo anapoondoka: 80/(6+4)², nayo ni 0.8. Hapo ndipo penye kanuni. Ondoka pale kasi ya papo hapo inaposhuka na kulingana na wastani wa mzunguko mzima, safari ikiwemo. Mabuu 8 yamebaki ardhini, na kuyaacha ni sahihi.

Safari ikiwa dakika 1 tu, muda bora unakuwa dakika 2, ingawa nyasi ni zilezile na mabuu ni yaleyale. Na tukirudi kwenye safari ya dakika 9, akiangukia kiraka cha nadra chenye mabuu 10, aondoke baada ya dakika 3 hivi, kwa sababu kasi imeshafika 0.8 mapema.

Mtafiti Alex Kacelnik aliyajaribu haya kwa kwenzi wanaolisha makinda, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984. Mabuu yalidondoshwa kupitia bomba, kila moja likichelewa kuliko lililotangulia. Kadiri kiota kilivyokuwa mbali, ndivyo ndege alivyobeba mabuu mengi zaidi kabla ya kuruka kurudi kwa makinda.

Hesabu hii hudhani kwamba ndege anaujua wastani wa mazingira yake, na kwamba hana adui. Katika majaribio mengi wanyama hukaa muda mrefu kuliko inavyotabiriwa. Wapo wanaoona hilo ni dosari ya nadharia. Mimi naona ndilo linalotuambia pa kutafuta: huenda kuruka kuna hatari ambayo saa haiipimi, au ndege bado anakisia wastani ambao sisi tumempa bure kwenye karatasi.