Kufutiwa hatia ni jambo moja, kulipwa ni jingine

"Kama kweli alionewa, mbona hajaishtaki Serikali?"

Kwa sababu hukumu iliyomtoa gerezani haimsaidii sana kwenye kesi ya madai. Tuchukue mkulima wa alizeti wa Kongwa, wa kufikirika, ila mawakili wa Dodoma watamtambua. Alitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30. Rufaa yake Mahakama Kuu ikagonga mwamba. Mwaka wa tisa, Mahakama ya Rufani ikafuta hatia na kuamuru aachiwe mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Anatoka gereza la Isanga akiwa na hukumu ambayo haina hata sentensi moja kuhusu fidia.

Serikali ina hoja yake, na si ya kubeza. Wengi huachiwa kwa sababu kosa halikuthibitishwa pasipo kuacha shaka. Pengine maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa, yaliandikwa baada ya muda wa saa 4 tangu kukamatwa kupita bila kuongezwa, au hati ilipokelewa kama kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Kielelezo kikiondolewa, ushahidi unaobaki hautoshi. Hapo hakuna aliyesema mtu huyu hakuiba, na aliyeporwa bado yupo kijijini. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unaagiza fidia pale tu ukweli mpya unapoonyesha bila utata kwamba haki ilipotoshwa.

Sawa. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba aliyeonewa kweli anao mlango wake, na mlango wenyewe ni kesi ya kushtakiwa kwa nia ovu. Mkulima wetu hana budi kuthibitisha kwamba mdaiwa ndiye aliyemshtaki, kwamba kesi iliisha kwa upande wake, kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kumshtaki, kwamba kulikuwa na nia ovu, na kwamba alipata madhara. La pili analo. La tatu linamgeukia mara moja, kwa kuwa wakili wa Serikali atauliza: kama hapakuwa na sababu ya msingi, mbona hakimu alimtia hatiani na jaji akakubaliana naye? Yaani kosa la mahakama mbili linakuwa kinga ya aliyempeleka huko. Na mahakama hizo zenyewe hazigusiki, maana Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali haiiwajibishi Serikali kwa kilichofanywa na mtu akitekeleza majukumu ya kimahakama.

Hilo la nne ndilo linalonikera zaidi. Nia ovu ya mpelelezi, kama ilikuwepo, ipo kwenye jalada la polisi: nani alimtaja kwanza, maelezo yapi yaliachwa nje, gwaride la utambulisho lilifanyikaje. Jalada hilo liko mikononi mwa yule anayedaiwa. Na uzembe mtupu si nia ovu. Mpelelezi aliyekuwa mvivu tu, asiyekwenda kumuuliza shahidi wa mshtakiwa, anapona kabisa hapa, ingawa mtu amekaa ndani miaka ileile. Kumgeukia jirani aliyemtaja nako hakusaidii ikiwa jirani alitoa taarifa akiamini ni kweli.

Tuseme amepata wakili wa msaada wa kisheria. Lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye tangu marekebisho ya mwaka 2020 lazima aunganishwe, la sivyo kesi inabatilika. Shauri linakwenda Mahakama Kuu, na madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Kisha hasara halisi inadaiwa kwa uthibitisho. Ng'ombe waliouzwa mnadani kulipia wakili wa kwanza, shamba lililokodishwa kwa maneno ya mdomo: risiti ziko wapi? Akishinda, hawezi kukamata gari la wizara. Mahakama inampa hati ya kiasi anachodai, kisha anasubiri afisa masuuli alipe.

Zamani angefikiria Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Lakini Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililoruhusu watu binafsi kufungua kesi moja kwa moja, na tangu 22 Novemba 2020 hawezi.

Katiba, ibara ya 107A(2)(c), inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge. Bunge hilo linakaa hapahapa Dodoma. Sheria ya aina hiyo kwa waliofutiwa hatia ingeweza kuijibu hofu ya Serikali bila kumfungia mkulima: jopo lililofuta hatia, likiwa na kumbukumbu zote mezani, liseme kama mtu ameachiwa kwa kasoro ya utaratibu au kwa sababu ushahidi haukumgusa kabisa. Wa kundi la pili alipwe kwa kila mwaka aliokaa ndani, kwa kiwango kilichopangwa, bila kuulizwa nia ya mpelelezi. Wa kundi la kwanza abaki na kesi yake ya madai, ngumu kama ilivyo sasa.