Dola 300 za Kayole zinanunuliwa na nani?

"Binti yangu yuko Riyadhi, anafanya kazi ya nyumbani. Kila mwezi hutuma dola 300, hajawahi kupunguza hata moja. Lakini ninachopokea sasa ni kidogo kuliko nilichopokea mwanzoni mwa 2024, na redioni nasikia shilingi imepata nguvu. Pesa za watoto wetu zinaisaidia nchi ama zinatuumiza?" Mama mmoja, mkazi wa Kayole, Nairobi.

Mama huyu ana daftari anamoandika karo, kodi ya nyumba na kila kitu kinachofika kutoka Riyadhi, na hesabu yake haina kosa. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu miaka ya 1980, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo riyali 1,125 anazotenga binti yake zina thamani ile ile ya dola mwezi baada ya mwezi. Kilichobadilika ni shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na dola 300 zilimfikia zikiwa takriban shilingi 48,000 kabla ya makato. Tangu katikati ya mwaka huo dola imekuwa ikicheza karibu na shilingi 129, na dola zile zile zimekuwa shilingi 38,700. Pengo hilo la shilingi 9,300 ndilo analolihisi, kwa sababu karo haikushuka na mwenye nyumba hakupunguza kodi.

Ili kupima faida na hasara ya pesa hizi kwa nchi nzima, ni lazima kwanza tuone zinakopita. Dola za Riyadhi hazifiki Kayole kamwe. Kampuni ya kutuma pesa hupokea riyali kule, kisha huziweka dola katika akaunti ambayo benki yake ya Nairobi inayo katika benki nyingine ng'ambo. Benki hiyo ya Nairobi ndiyo inayotoa shilingi zinazoingia kwenye simu ya mama. Katika hatua hiyo benki imebaki na dola isizozihitaji na imepungukiwa na shilingi, kwa hiyo itazitafutia dola hizo mnunuzi. Mnunuzi huyo anaweza kuwa mwagizaji wa bidhaa, au anaweza kuwa Benki Kuu ya Kenya. Kwa maoni yangu, mabishano mengi kuhusu pesa za ughaibuni na mfumuko wa bei hukwama kwa sababu hayaulizi ni yupi kati ya hao wawili aliyenunua.

Tuanze na mwagizaji. Mfanyabiashara wa vipuri katika Barabara ya Kirinyaga anahitaji dola 300 za kumlipa muuzaji wake wa Dubai. Anaipa benki shilingi 38,700 na kupewa dola. Shilingi hizo zilikuwa tayari katika akaunti yake. Sasa, kupitia benki, zimekuwa za mama wa Kayole. Hakuna hata shilingi moja iliyozaliwa. Kiasi cha fedha nchini ni kile kile, ila kimehama mfuko. Athari inayobaki ni ya bei ya dola: kwa kuwa dola zimeongezeka sokoni, mwagizaji hana haja ya kupanda dau ili azipate, na shilingi inapata nafuu.

Wanaosema kwamba watu walio ughaibuni ndio wanaoibeba shilingi husimama hapa, na wana hoja. Katika 2023 pesa zilizotumwa nchini zilifika dola bilioni 4.19. Mwaka huo huo Kenya iliagiza bidhaa za takriban shilingi trilioni 2.6 na kuuza nje za takriban trilioni 1. Ukizibadili dola hizo kwa wastani wa shilingi 140, ambao ni makadirio yangu ya mwaka ule, unapata karibu shilingi bilioni 590, yaani zaidi ya theluthi moja ya pengo lote la biashara. Bila pesa hizi pengo lingelazimika kuzibwa kwa mikopo zaidi, au kwa kupunguza mafuta, ngano na dawa tunazonunua.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2023 ndio unaoonyesha mpaka wa hoja hii. Shilingi iliuanza ikiwa karibu 123 kwa dola na kuumaliza ikiwa zaidi ya 156, ilhali pesa za ughaibuni zilikuwa zimeongezeka kuliko za mwaka uliotangulia. Hofu ilikuwa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, na wengi walishuku kama serikali ingeweza kuilipa. Mtu mwenye dola anapoamini kwamba kesho zitauzwa ghali zaidi, haziuzi leo. Aliyepanga kutuma pesa za kununua shamba anangoja. Kampuni inayouza nje inaziacha dola katika akaunti yake. Anayetuma pesa za chakula na karo hana nafasi ya kungoja, na binti wa Riyadhi hakungoja hata mwezi mmoja, lakini dola za watu kama yeye peke yake hazikutosha kulishibisha soko lenye hofu.

Hofu hiyo iliondoka Februari 2024, serikali ilipouza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuinunua mapema sehemu kubwa ya ile ya zamani. Katika wiki chache shilingi ilirejea kutoka 160 hadi karibu 130. Pesa za ughaibuni katika kipindi hicho hazikupanda. Zilishuka kidogo, kutoka takriban dola milioni 412 mwezi wa Januari hadi milioni 386 mwezi wa Februari. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba pesa hizi ndizo zilizoiokoa shilingi. Huipunguzia uzito mwaka hadi mwaka, lakini misukosuko mikubwa ya miezi michache inatokana na madeni, riba na imani ya wawekezaji.

Mambo hubadilika mnunuzi anapokuwa Benki Kuu. Yenyewe haichukui shilingi za mtu yeyote ili kulipa. Inaandika tu kiasi hicho katika akaunti ambayo benki ya biashara inayo kwake, na shilingi hizo ni mpya. Tuseme imenunua dola milioni 1 kwa shilingi 129: akiba ya fedha za kigeni imeongezeka kwa dola milioni 1, na benki za biashara zimepata shilingi milioni 129 ambazo hazikuwapo asubuhi. Benki zikizikopesha, mkopo mmoja unakuwa amana ya mwingine, na kiasi cha fedha nchini kinaweza kukua kwa zaidi ya milioni hizo 129. Hapa ndipo hoja ya wanaohofia mfumuko wa bei inapopata nguvu.

Benki Kuu inaweza kuzirudisha shilingi hizo kwake kwa kukopa kutoka kwa benki hizo kwa siku chache kwa riba. Dawa hii ina gharama. Katikati ya 2024 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13, ilhali dola zilizowekwa katika hatifungani za muda mfupi za Marekani zilileta karibu asilimia 5. Tofauti hiyo hulipwa kila siku shilingi hizo zinapofungiwa, na mwisho wake ni mzigo wa umma.

Je, bei zilipanda? Akiba iliyokuwa karibu dola bilioni 7 mwanzoni mwa 2024, chini ya kiwango cha kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi 4, ilipita bilioni 9 kabla ya mwaka kuisha. Ununuzi wa dola uliochangia ongezeko hilo ungetarajiwa kuwasha moto, lakini mfumuko wa bei ulishuka kutoka asilimia 6.9 Januari hadi 2.7 Oktoba. Bei ya dola ilikuwa imeshuka, na lita ya petroli hapa Nairobi, iliyouzwa kwa shilingi 217.36 Oktoba 2023, ilikuwa 180.66 mwaka mmoja baadaye, ingawa bei ya mafuta duniani nayo ilisaidia. Zaidi ya hayo, mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imedorora kwa sababu ya riba kubwa, hata ikapungua kidogo mwishoni mwa mwaka. Shilingi mpya zilikuwapo, lakini hazikupata mkopaji. Ningesita kuuchukua mwaka huo kama uthibitisho kwamba njia hii haina hatari, kwa sababu mikopo ikianza kukua upya, shilingi zile zile zitakuwa na kazi.

Anayetaka kufuatilia jambo hili katika takwimu za Benki Kuu ajihadhari na kipimo kimoja. Kipimo kipana cha fedha, M3, hujumuisha amana za dola za wakazi wa Kenya zikiwa zimegeuzwa kuwa shilingi, ilhali kipimo chembamba zaidi, M2, hakizijumuishi. Mtu mwenye dola 10,000 benki alihesabiwa kuwa na shilingi milioni 1.23 mwanzoni mwa 2023 na milioni 1.56 mwishoni mwake, bila kuweka wala kutoa chochote. M3 ikivimba huku M2 ikitulia, mara nyingi hiyo ni shilingi iliyoanguka, wala si fedha mpya.

Kuna mfumuko mmoja ambao wastani wa kitaifa huuficha. Pesa za ughaibuni zinapotumika kununua simu au mchele, bidhaa zaidi zinaweza kuagizwa na bei ikatulia. Zikienda kwenye kiwanja cha Kitengela au Ruiru, hakuna anayeweza kuagiza ardhi kutoka ng'ambo, na ongezeko la wanunuzi linaishia kwenye bei. Kijana anayelipwa mshahara wa hapa hushindania kiwanja hicho na mtu anayelipwa kwa dola. Jambo hili lanisikitisha, na sioni ni vipi riba ya Benki Kuu ingelitatua.

Lililobaki ni swali la nani anyimwe. Benki Kuu ingeacha kununua, huenda dola ingeshuka, tuseme hadi shilingi 120. Mama wa Kayole angepokea 36,000. Mkulima wa chai wa Kericho naye angelipwa pungufu, ilhali mafuta yangekuwa nafuu kwa kila abiria wa matatu. Naona ilikuwa haki kununua dola wakati akiba ilikuwa chini ya miezi 4, kwa kuwa uhaba wa 2023 uliwaumiza maskini kuliko wengine. Akiba ikishapita kiwango hicho kwa mbali, kuendelea kununua ni kuwatoza wanunuzi wote wa mafuta na unga wa ngano ili kulinda mapato ya wachache wanaolipwa kwa dola. Miongoni mwa wachache hao yumo binti wa Riyadhi, na katika daftari la mama yake bado kuna shilingi 9,300 za kila mwezi zisizo na wa kuzijaza.